Hotuba ya mahakama ya mfano inapokwama: dalili, chanzo na mpangilio wa hoja

Jumamosi nyingi nakaa na wanafunzi wa sheria hapa Mwanza. Mmoja anasimama kama wakili, mimi nakaa kiti cha jaji, wengine wanasikiliza. Hotuba ikikwama, mwanafunzi hulaumu woga au sauti yake. Nikiichukua karatasi aliyoishika, karibu kila mara nakuta sauti haina kosa: hoja zimepangwa vibaya, na woga umekuja baadaye, alipoanza kuhisi kwamba hajui anaelekea wapi. Kwa hiyo hapa naanzia na kile kinachoonekana akiwa amesimama, kisha nakifuata hadi kwenye karatasi.

Tutatumia shauri moja ambalo nimelitunga kwa ajili ya mazoezi. Mama mmoja ana mtumbwi wa dagaa kwenye mwalo wa Ukerewe. Mashine ya mtumbwi iliharibika, akaileta mjini, fundi akaitengeneza. Mama akamkabidhi msafirishaji mwenye boti ya mizigo, akalipa shilingi 40,000, na karani akaandika kwenye stakabadhi: "Mashine ya mtumbwi wa dagaa. Ifike kabla ya giza kuanza." Kila aliye kando ya ziwa hili anajua maana ya maneno hayo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na giza likipita, umepitwa hadi mwezi mwingine. Mashine ililala stoo ya msafirishaji, ikafika siku 9 baada ya siku waliyokubaliana.

Mama anadai mambo mawili. La kwanza ni usiku 9 wa uvuvi, ambapo kumbukumbu zake zinaonyesha wastani wa faida ya shilingi 180,000 kwa usiku, jumla 1,620,000. La pili ni shilingi 3,400,000, tofauti kati ya bei ya kawaida ya Kirumba Mwaloni na bei ya juu aliyoahidiwa na mnunuzi kutoka Kongo kwa mzigo wa giza hilo. Karani hakuambiwa habari za mnunuzi huyo siku ya kukabidhi mashine. Mama alimpigia simu siku ya tatu ya ucheleweshaji, akamweleza kwa uchungu kile anachokipoteza. Mahakama ya chini ikaamuru arudishiwe nauli yake ya 40,000 tu. Amekata rufaa. Kila upande una dakika 15.

Dalili: dakika ya nne, jaji anauliza, "Wakili, hasa unaomba nini?"

Swali hili likitoka mapema, ujue jaji amekuwa akisikiliza bila kujua aandike wapi. Kwa kawaida wakili ametumia dakika tatu kusimulia habari ya mashine, stoo, simu na machozi ya mama, kisha ameruka moja kwa moja kwenye kesi za Uingereza. Jaji amesoma mwenendo wa shauri. Anachokosa ni ramani.

Ufunguzi unahitaji vitu vinne, na vyote vinaingia ndani ya dakika moja na nusu: nani yuko mbele ya mahakama, mahakama ya chini ilikosea wapi, hoja ni ngapi na zinakuja kwa utaratibu gani, na amri unayoiomba ni ipi. Mwanafunzi aliyenifurahisha zaidi mwaka huu alifungua hivi:

"Ikupendeze Mheshimiwa Jaji, namwakilisha mrufani. Rufaa hii ina swali moja: ni hasara ipi kati ya hasara za mrufani ambayo msafirishaji anapaswa kuilipa chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345? Tuna hoja mbili. Ya kwanza, usiku 9 wa uvuvi ni hasara iliyojulikana tangu mkataba ulipofanywa, na inalipwa yote. Ya pili, bei ya ziada ya mnunuzi wa Kongo nayo inalipwa. Hoja ya kwanza inasimama hata kama ya pili itaanguka. Tunaomba amri ya mahakama ya chini itenguliwe, na mrufani alipwe shilingi 1,620,000 kwa hoja ya kwanza, na 3,400,000 kwa hoja ya pili. Je, Mheshimiwa angependa nimkumbushe ukweli wa shauri kwa ufupi?"

Swali la mwisho hilo lina kazi yake. Jaji akisema hapana, umeokoa dakika mbili. Akisema ndiyo, mpe sentensi tatu: mkataba, maneno ya stakabadhi, siku 9. Machozi ya mama yaache nje, kwa sababu kifungu cha 73 hakiyaulizi.

Dalili: hoja ya pili inaibomoa ya kwanza

Hii ndiyo inayoangusha hotuba nyingi, na mwenye hotuba huwa haioni. Anaanza na madai makubwa, zile 3,400,000, kwa sababu ndizo pesa nyingi. Anasema msafirishaji alijua kila kitu. Jaji anamuuliza alijuaje habari za mnunuzi wa Kongo. Anajibu kwa simu ya siku ya tatu. Jaji anamwomba asome tena kifungu cha 73, na hapo kinachokuja kinauma: kifungu kinataka kile ambacho pande zote mbili zilijua wakati zinafanya mkataba. Simu ya siku ya tatu imekuja mkataba ukiwa umeshafungwa na hata umeshavunjwa. Sasa wakili amepoteza hoja kubwa, jaji ameanza kulitilia shaka kila neno lake, na bado hajagusa usiku 9, ambazo zilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi.

Chanzo ni kupanga hoja kwa ukubwa wa pesa. Tiba yake ni kuzipanga kwa namna zinavyosimama zenyewe. Tangulia na ile inayohitaji jaji akubali mambo machache zaidi. Hoja ya usiku 9 inahitaji akubali jambo moja tu, kwamba maneno ya stakabadhi yanamaanisha kile yanachosema. Hoja ya mnunuzi inamtaka akubali hilo kisha aongeze jingine. Ndiyo maana inafuata.

Kuna mkanganyiko mwingine uliojificha humohumo. Kifungu cha 73 kina milango miwili. Wa kwanza ni hasara inayotokea kwa mwenendo wa kawaida wa mambo baada ya mkataba kuvunjwa. Wa pili ni hasara ambayo pande zote zilijua kwamba huenda ikatokea. Kisha kifungu kinafunga kwa kukataa hasara ya mbali na isiyo ya moja kwa moja. Mwanafunzi anasema katika hoja ya kwanza, "Hakuna haja ya kujua chochote, ni hasara ya kawaida," na dakika tano baadaye anasema, "Alijua kila kitu." Jaji makini atauliza, "Wakili, umesimama kwenye mlango upi?" Jibu lazima liwe limeandikwa kwenye karatasi yako kabla hujatoka nyumbani. Kwa hoja ya kwanza, mimi ningesimama kwenye mlango wa pili, ule wa kujua, kwa sababu stakabadhi imeandikwa. Mlango wa kwanza ningeuweka kama hoja mbadala, na sababu ya kutouamini sana iko kwenye dalili inayofuata.

Mkanganyiko wa tatu ni wa hesabu. Ukidai faida ya usiku 9, kisha ukadai bei yote ya mnunuzi wa Kongo, umewauza dagaa walewale mara mbili. Katika shauri letu mama anadai tofauti ya bei peke yake, na ni vizuri kulisema hilo kwa mdomo kabla hujaulizwa: "Mheshimiwa Jaji, kiasi cha hoja ya pili ni nyongeza juu ya bei ya Kirumba. Bei ya Kirumba imeshahesabiwa katika hoja ya kwanza." Sentensi hiyo fupi humfanya jaji aamini hesabu zako zote.

Dalili: kesi uliyoitaja inakupiga wewe

Wakili anasema kwa fahari, "Tunaegemea kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854," kisha anaendelea na safari. Jaji anauliza, "Katika kesi hiyo, wenye kinu walishinda?" Kimya.

Hawakulipwa faida waliyoipoteza. Wenye kinu cha Gloucester walivunjikiwa na mhimili wa kinu, wakaupeleka kwa wasafirishaji waliofahamika kama Pickford ili ufike Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Ulicheleweshwa siku kadhaa, kinu kikakaa bila kufanya kazi, wakadai faida. Mahakama ikaweka kanuni ya milango miwili, ileile unayoiona katika kifungu chetu cha 73, kisha ikasema hasara hiyo haikupita mlango wowote. Kwa kawaida ya mambo, mwenye kinu anaweza kuwa na mhimili wa akiba, kwa hiyo kuchelewa kwa mhimili hakumaanishi lazima kinu kisimame. Na msafirishaji hakuambiwa kwamba kimesimama.

Weka mashine ya mtumbwi mahali pa mhimili na utaona hatari. Wakili wa mrufaniwa atasema: mvuvi anaweza kuwa na mashine ya akiba au akakodi, kwa hiyo hata hapa hasara haitokei yenyewe. Ndiyo sababu mlango wa kwanza peke yake hauaminiki. Kinachomwokoa mama ni stakabadhi. Maneno "ifike kabla ya giza kuanza" ndiyo taarifa ambayo wenye kinu hawakuitoa.

Hapa kuna mtego ambao nauweka makusudi kila mwaka. Muhtasari uliochapishwa juu ya ripoti ya kesi hiyo unasema karani wa wasafirishaji aliambiwa kwamba kinu kimesimama. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari peke yake atabishana nami kwa ujasiri. Lakini ndani ya hukumu yenyewe, Jaji Alderson anasema mazingira yaliyoelezwa ni kwamba kilichobebwa ni mhimili uliovunjika na kwamba wenye mali ni wenye kinu hicho, basi. Mwaka 1949, katika kesi ya Victoria Laundry dhidi ya Newman Industries, Jaji Asquith alisema wazi kwamba muhtasari ule unapotosha. Ukiingia na kesi hii, ingia umesoma hukumu.

Victoria Laundry inastahili kukaa juu ya meza yako kwa sababu inafanana na shauri letu kwa namna ya kushangaza. Kampuni ya kufua nguo ilinunua boila, ikachelewa kwa takriban miezi mitano. Walidai faida ya kawaida ya kazi yao, pamoja na faida ya mikataba minono ya kutia rangi waliyokuwa waipate kutoka serikalini. Ya kawaida ilikubaliwa, kwa kuwa muuzaji alijua biashara yao na alijua wanaitaka boila kwa matumizi ya haraka. Ile minono ilikataliwa kama ilivyodaiwa, kwa kuwa hakuijua. Kwa hiyo kesi moja inaibeba hoja yako ya kwanza na kuipiga ya pili. Usiifiche. Mpinzani ataitoa, na ikitoka kwake itaonekana kama siri iliyofichuliwa.

Utaratibu wa kuitumia mamlaka yoyote ni huu: sheria yetu kwanza, kesi baadaye. Sura ya 345 ndiyo inayotawala, na kesi za Uingereza zinasaidia kuielewa. Jaji anaweza kukuuliza uzito wake. Sheria ya kawaida ya Uingereza iliingizwa kwetu kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa mujibu wa Sura ya 358. Hukumu ya mwaka 1949 ni ya baada ya tarehe hiyo, basi ni ya kushawishi tu. Ukiisema hivyo wewe mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, swali linaisha.

Baada ya hapo, kila kesi ipewe sentensi nne zisizozidi: nini kilitokea, mahakama iliamua nini, kwa sababu gani, na shauri letu linafanana nayo au linaachana nayo wapi. Sentensi ya nne ndiyo inayosahauliwa. Bila hiyo umetaja jina tu.

Dalili: swali linakutoa njiani na unashindwa kurudi

Jaji anauliza, "Mbona mama hakukodi mashine nyingine?" Wakili anajibu vizuri kabisa, kisha anatazama karatasi, anageuza kurasa, anaanza aya ambayo alikuwa ameshaisoma. Nikiiangalia karatasi nakuta insha: kurasa saba, sentensi zinazoshikana kama wavu, na ukikata moja nyingine zote zinaning'inia.

Andika upya kwenye ukurasa mmoja. Kila hoja iwe na sentensi moja nzito ya kutua, unayoweza kuirudia popote utakapokuwa umepelekwa. Kwa hoja ya kwanza: "Stakabadhi inasema giza, karani aliisaini, hasara iliyotokea ni ya giza." Chini yake weka maneno machache tu: kifungu cha 73, Hadley, Victoria Laundry, kukodi. Swali likija, jibu kwanza kwa ndiyo au hapana, toa sababu, kisha tua tena kwenye sentensi yako.

Kuhusu swali la kukodi, ni swali la haki na litakuja. Kifungu hichohicho cha 73 kinataka mahakama itazame njia zilizokuwepo za kupunguza hasara. Jibu likoje? "Hapakuwa na njia hiyo, Mheshimiwa Jaji. Ushahidi uko ukurasa wa 12 wa mwenendo: shahidi wa pili alisema mrufani aliuliza kwa watu watatu mwaloni na mashine zote zilikuwa ziwani kwa sababu ya giza. Kwa hiyo, Mheshimiwa, stakabadhi inasema giza, karani aliisaini, hasara iliyotokea ni ya giza." Ukurasa wa mwenendo ni lazima uwe kichwani. Jibu hilohilo bila namba ya ukurasa linabaki maneno yako.

Dalili: kadi ya dakika moja inainuliwa na hoja ya pili haijaguswa

Wengi hugawa dakika 15 nusu kwa nusu. Mimi napendelea dakika moja na nusu ya ufunguzi, nane kwa hoja ya kwanza, nne kwa ya pili, na moja na nusu iliyobaki ni ya maombi na ya maswali yaliyozidi. Hoja ya kwanza ndiyo inayoleta ushindi, kwa hiyo ndiyo yenye kustahili muda. Saa ikifika dakika ya kumi na hujavuka, vuka, hata katikati ya aya: "Kwa ruhusa yako Mheshimiwa, nahamia hoja ya pili."

Hoja ya pili iseme ukweli wake. Kwenye mwenendo kuna jambo moja linaloisaidia: mwezi uliotangulia, boti ileile ilibeba magunia ya mama yaliyoandikwa jina la mnunuzi wa Kongo. Basi msafirishaji alijua kwamba mnunuzi yupo. Bei hakuijua. Wakili anayeipandisha hoja hii kuwa "alijua mkataba wote" ataanguka. Anayesema, "Alijua aina ya biashara, na hilo linatosha, na kama Mahakama itaona halitoshi, hoja ya kwanza haiguswi," amemwachia jaji mlango wa kutokea bila kumpoteza mteja. Simu ya siku ya tatu usiitaje kabisa hapa. Ukiulizwa, kubali kwamba ilikuja baada ya mkataba na kwamba huitegemei.

Dalili kwa upande wa mrufaniwa: unajibu hotuba ambayo haikusemwa

Mrufaniwa aliandika hotuba yake usiku, akidhani mrufani ataanza na mnunuzi wa Kongo. Mrufani ameanza na stakabadhi. Mrufaniwa anasimama na kutumia dakika sita kumpiga mnunuzi wa Kongo, na jaji anatazama saa.

Mpangilio wa mrufaniwa ni wa kufuata, na hoja zake ziandikwe kwenye vipande viwili vya karatasi vinavyoweza kubadilishana nafasi. Wakati mrufani anaongea, andika jambo moja tu kwa kila hoja yake: nguzo inayoibeba. Ukisimama, ianze hiyo nguzo. "Mheshimiwa Jaji, wakili msomi mwenzangu ameegemea maneno mawili ya stakabadhi, giza kuanza. Tunasema maneno hayo yanaeleza lini mashine inatakiwa. Hayasemi kwamba mtumbwi umesimama, wala kwamba hakuna mashine nyingine." Hilo ndilo pigo bora alilonalo, kwa kuwa linairudisha kesi kwenye kinu cha Gloucester. Kwenye hoja ya pili anaweza kutulia: asome maneno "wakati zinafanya mkataba," amkumbushe jaji Victoria Laundry, akae.

Na kama jaji atamwuliza ikiwa anatetea ile amri ya 40,000, asijaribu kuitetea kwa nguvu kuliko inavyostahili. Kurudisha nauli si kipimo cha kifungu cha 73, na jaji anajua. Aseme kwamba kama Mahakama itaona hoja ya kwanza ina mashiko, basi usiku wa kuhesabiwa uthibitishwe mmoja mmoja, kwa sababu mwenendo unaonyesha usiku 2 kati ya zile 9 ulikuwa na upepo mkali na mitumbwi ya mwalo huo haikutoka. Hapo 1,620,000 zinashuka hadi 1,260,000, na mrufani aliyesimama akiwa hajausoma ukurasa huo wa mwenendo atatakiwa kujibu papo hapo.